Marejesho Madogo si Mkopo Nafuu

Wakenya wengi wenye mikopo ya nyumba wanaamini kwamba kuamua kuhamia benki nyingine ni hesabu ya mstari mmoja: gawanya gharama za kuhama kwa punguzo la marejesho ya mwezi, upate miezi ya kurudisha fedha zako. Hesabu hiyo inapotosha, na anayefaidika nayo ni muuza mkopo.

Chukua mfano. Taarifa yako ya mkopo inaonyesha salio la shilingi 6,000,000, riba ya asilimia 15, na miaka 10 iliyobaki. Unalipa takriban 96,800 kwa mwezi. Benki ya pili inakupa asilimia 13, marejesho ya 70,300. Wakili, mthamini, ada ya benki na ushuru wa stempu, tuseme, vinafika 240,000. Punguzo ni 26,500 kwa mwezi, kwa hiyo unaambiwa kwamba katika miezi tisa tu gharama zako zimerudi.

Soma tena barua ya ofa: muda wa mkopo ni miaka 20. Sehemu kubwa ya punguzo hilo imetokana na kuahirisha deni, wala si na riba. Ukibaki ulipo utalipa jumla ya kama milioni 11.6. Ukihama utalipa karibu milioni 16.9, kabla hata ya gharama za kuhama.

Hesabu ya haki hulinganisha riba kwa riba. Kwa mwezi wa kwanza, benki yako inakutoza 75,000 juu ya salio hilo, nayo benki mpya ingetoza 65,000. Hiyo 10,000 ndiyo akiba yako halisi. Gawanya 240,000 kwa 10,000, upate miezi 24. Na kwa kuwa salio la benki mpya litapungua haraka zaidi, akiba nayo itaongezeka kidogo, basi hesabu miezi kama 23. Hata hivyo, jibu hilo ni la yule tu atakayeendelea kulipa 96,800 zile zile katika benki mpya, bila kujiongezea miaka. Benki ikikuambia gharama "zimeingizwa kwenye mkopo", jua hazijafutwa: utazilipia riba.

Watetezi wa marejesho madogo watasema familia inahitaji nafasi ya kupumua. Ni kweli, na mtu aliyebanwa ana haki ya kurefusha deni lake. Lakini aseme ananunua muda, na ajue bei yake, asijidanganye kwamba ameokoa fedha.

Ukipanga kuuza nyumba mwakani, usihame. Ukipanga kukaa, ipeleke ofa kwanza kwa benki yako uombe riba ishushwe: ikikubali, hutahitaji kusajili rehani upya. Ikikataa, hama, lakini soma kipengele cha riba inayobadilika. Ikiwa asilimia 13 inaweza kupanda baada ya mwaka mmoja, miezi yako 23 haina mdhamini.