King'amuzi kinajua kulipwa, filamu za mtandao zinajifanya hazijui

Haya jamani, leo nina la kusema kuhusu hizi huduma za filamu za kwenye mtandao na namna zinavyotaka tuzilipe.

Ukifungua baadhi ya hizo kwenye runinga, unaletewa picha ya herufi na namba, kisha unabofya rimoti mshale mmoja mmoja hadi uandike tarakimu 16 za kadi ya benki. Sebule nzima inakuangalia na kusoma namba zako. Huna kadi? Basi wewe si mteja. Eti "soko la Afrika ni gumu."

Mimi nasema si gumu. Bibi yangu kijijini hana akaunti ya benki, ila king'amuzi chake hakizimi. Kila mwezi mmoja wetu anapiga *150*00#, anaingia sehemu ya malipo, anaandika namba ya kadi ya king'amuzi, kiasi na namba ya siri. Kwisha. Hata mjukuu aliye mkoa mwingine anaweza kumlipia. Mwezi ambao hakuna aliyelipa, picha inakatika na hakuna deni.

Tofauti iko hapa. Pesa ya simu inatumwa na mlipaji mwenyewe, kwa namba yake ya siri. Kadi inafanya kinyume: muuzaji ndiye anakuja kuchota kila mwezi, wewe ukiwa umelala. Huduma nyingi za filamu zimejengwa juu ya kuchota. Faida yake kwao inaonekana: mteja aliyesahau kujitoa anaendelea kulipa.

Mtaniambia kuna kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu. Ni kweli. Kenya, kwa mfano, M-Pesa GlobalPay ya Safaricom na Visa ilianza mwaka 2022. Zinasaidia, sikatai, ila ni kuivisha pesa ya simu koti la benki, na koti lenyewe linabana.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kifurushi ni dola 8 na dola moja ni shilingi 2,600. Hiyo ni shilingi 20,800. Mtu anaweka 21,000 kwenye salio, anajiona yuko salama. Lakini mtoa kadi anaongeza gharama ya kubadili fedha, tuseme asilimia 3, na jumla inakuwa 21,424. Malipo yanakataliwa, na runinga inaandika tu "sasisha taarifa za malipo." Rafiki yangu alifuta kadi na kuiandika upya mara tatu, wakati kilichopungua ni shilingi 424! Yakikupata, soma kwanza ujumbe wa simu. Ukisema salio halitoshi, ongeza. Kama hakuna ujumbe wowote, muulize mtoa kadi kama malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi yamefungwa.

Vocha nazo? Kadi ya zawadi ya Netflix inaingizwa kwenye netflix.com/redeem, lakini lazima iwe ya fedha ileile ya akaunti yako. Ukiuziwa mtaani ya Marekani wakati akaunti ni ya huku, umenunua karatasi. Na kile kifurushi chao cha bei ya chini cha simu hakichezi kwenye runinga kabisa, kwa hiyo usikilipie kwa ajili ya sebule.

Muda wa maongezi ni rahisi kwa mnunuzi, ila kampuni ya simu hukata sehemu kubwa kuliko wakatavyo watu wa kadi. Mwenye filamu ama anapandisha bei, ama anakataa.

Sasa msiniambie malipo ya kila mwezi hayawezekani bila kadi. India walianzisha UPI AutoPay mwaka 2020: mteja anatoa idhini mara moja kwenye simu, anaarifiwa saa 24 kabla ya kukatwa, na anaweza kufuta mwenyewe. Netflix wanaikubali huko. Kenya nako, M-Pesa Ratiba ilikuja mwaka 2024 kwa malipo ya kujirudia.

Ninachodai ni kidogo. Kila akaunti ipewe namba ya malipo, kama ya king'amuzi, mtu yeyote aweze kuilipia mwezi mmoja mmoja. Kwenye runinga niulizwe namba ya simu tu, ombi lije kwenye simu yangu, namba ya siri niiandike humo humo mkononi. Anayetaka kukatwa kila mwezi achague mwenyewe.

Vijana wa kutengeneza hiyo mitambo tunao na mtandao wa pesa tunao. Wakiendelea kudai kadi, wasiseme hatulipi. Waseme hawataki kulipwa na sisi.