Neno Moja na Ukali wa Wajuzi

Wapo wajuzi wanaoona fahari kumrudisha mwulizaji mlangoni. Mkulima wa Sofu, kule Kibaha, anamwandikia bwana shamba ujumbe wa simu wenye neno moja tu: "Mihogo". Jibu linarudi kwa ukali: "Mihogo imefanyaje? Eleza unachotaka." Mkulima ananyamaza, na bwana shamba anajisifu kwa kutopoteza wakati.

Hoja ya wajuzi hawa ni kwamba asiyejua kuuliza afundishwe kuuliza. Lakini kuuliza kwa ufasaha kwahitaji majina, na majina ndiyo aliyokosa. Michirizi ya kahawia ilipata maelezo ya kitaalamu mwaka 1936 tu, kutokana na utafiti wa H. H. Storey pale Amani, Usambara. Iweje mwenye jembe adaiwe istilahi hizo kabla hajasaidiwa?

Jibu la haki lingekuwa fupi, lenye njia tatu: "Je, majani machanga yamekunjamana yakawa na mabaka ya manjano? Au shina ni zima, ila ukikata muhogo unakuta madoa makavu ya kahawia ndani? Au mavuno ni mema, nawe wataka kutengeneza makopa? Kama si hayo, niambie ulichokiona."

Tazama kazi ya maneno hayo. La kwanza laelekea batobato. La pili laelekea michirizi ya kahawia. Maradhi yote mawili huenezwa na nzi weupe na kwa vipande vya shina vilivyopandwa vikiwa na ugonjwa. Tofauti yao yamgusa mkulima moja kwa moja: batobato huonekana majanini mapema, akaweza kung'oa na kupanda pando safi, michirizi hujificha, kwani mmea huweza kuonekana mzuri juu huku mizizi yaharibika chini, naye asijue mpaka siku ya kuvuna. Hapo huwa amekwisha kugawia jirani pando. Na mifano imetajwa kwa dalili zionekanazo kwa jicho, si kwa majina ya maradhi, angeandikiwa "batobato au michirizi?" angebaki pale pale.

Watasema orodha humtia mtu maneno kinywani, akachagua lisilo lake kwa heshima tu. Shaka hii ina uzito, na ndiyo sababu ya kile kifungu cha mwisho, ambacho wengi hukisahau. Ndiyo sababu pia ya kuzifanya njia ziwe tatu: zikifika kumi, ni mtihani mwingine, na mwenye simu ndogo hatamaliza kuusoma.

Zaidi ya hayo, mifano ielekee kwenye mambo tofauti kweli. Anayetaja ugonjwa wa majani, ugonjwa wa majani machanga na ugonjwa wa majani makavu ametaja njia moja mara tatu, na mwenye makopa yake yanayoota ukungu uani hakupewa pa kushika.