Usimwambie Bibi Kwamba Mawazo Hayaleti Presha

Hapa chuoni kila mtu ana presha. Bumu likichelewa wiki mbili, hosteli nzima ina presha. Matokeo yakikaribia kutoka, presha. Mtu akiacha kujibu meseji ya mpenzi wake, "ananipandisha presha". Tunasema kwa utani, lakini utani huo una fundisho ndani yake: kwamba presha ni kitu unachokisikia moyoni, kinakuja ukiudhiwa na kinaondoka ukitulia. Halafu tukienda likizo tunawashangaa wazee wanaoamini hivyo hivyo.

Mimi niliwashangaa. Na nilimkosea bibi yangu kwa ajili ya mshangao huo, ndiyo maana naandika makala hii.

Bibi anaishi Pangani. Nilipofika likizo iliyopita, nilimkuta na mfuko wa vidonge vya presha umejaa vumbi juu ya kabati. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mume wangu, dawa hizi nameza nikiwa na mawazo. Sasa hivi moyo umepoa, nimeze za nini?" Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nikajibu papo hapo, tena mbele ya watu tukiwa tunakula: "Bibi, mawazo hayaleti presha. Hizo ni imani potofu."

Bibi akaacha kula. Akasema, "Kwa hiyo wewe uliyesoma ndiye uliyemzika mwanangu?"

Pale ndipo nilipokumbuka. Bibi aliambiwa ana presha mwezi ule ule alipofariki mjomba. Alizidiwa matangani, akapelekwa hospitali, akapimwa, akaambiwa iko juu. Kwake yeye ushahidi ni kamili: alifiwa, presha ikaja. Niliposema mawazo hayahusiki, hakusikia somo la afya. Alisikia mjukuu wake akimwambia kwamba msiba wake haukuwa na uzito.

Tunaosomea ualimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi haji darasani kichwa kitupu, na kwamba mwalimu anatakiwa aanze na kile anachokijua tayari. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Nyumbani nikalisahau kabisa.

Sasa tuseme ukweli: bibi hakukosea moja kwa moja. Ukishtuka au ukikasirika, moyo unakwenda mbio, mishipa inajibana na presha inapanda kweli. Ukitulia, kwa mtu mzima wa afya, inarudi chini baada ya muda mfupi. Tena mawazo ya muda mrefu yanaweza kuchangia kwa njia ya pembeni: mtu halali vizuri, hatembei, anazidisha pombe au anakula ovyo. Kosa la bibi lilikuwa dogo, ila la hatari. Alidhani mawazo yakiondoka, presha nayo imeondoka.

Ugonjwa wenyewe hauendi hivyo. Kwa watu wengi hauna sababu moja. Umri unaifanya mishipa ikakamae, kuna kurithi, kuna chumvi nyingi, kuna uzito wa mwili, na figo zinazoshindwa kutoa chumvi na maji inavyotakiwa. Vitu hivi hujijenga kwa miaka bila kuuma popote. Inawezekana kabisa bibi alikuwa nayo muda mrefu kabla ya msiba, ila msiba ndio uliompeleka mbele ya kipimo kwa mara ya kwanza. Kitu kilichoonekana siku ile si lazima kiwe kilianza siku ile.

Lakini ningemwambiaje haya bila kumuumiza tena? Niliamua kunyamaza, kipimo kiseme. Niliazima kile cha betri cha kufunga mkononi kutoka kwa jirani, nikamwomba bibi radhi, kisha nikamwomba anisaidie "kazi ya shule" ya siku saba. Tulichukua daftari. Kila asubuhi na jioni tuliandika namba, na pembeni yake bibi mwenyewe anasema moyo ukoje: umetulia au una mawazo.

Kupima kuna utaratibu wake, na ukiuruka namba zinadanganya. Mtu asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita. Aende haja ndogo kwanza. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili iguse chini, asiikunje nne, apumzike dakika 5. Mkono ulazwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya nguo. Wakati kipimo kinafanya kazi, kimya. Hili la kimya lilimshinda bibi siku mbili za mwanzo! Kisha unapima mara ya pili baada ya dakika moja au mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni pale moyo unapopumzika. Kwa mtu mzima, zikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo inahesabiwa kuwa presha ya juu.

Siku ya kwanza ilikuwa juu sana, nikamwambia tusiihesabu, kwa sababu watu wengi hupanda kwa kukiogopa kipimo chenyewe. Siku ya tatu asubuhi, bibi ametoka kuswali, ametulia, anacheka: 164 kwa 96. Nikaandika, sikusema kitu. Siku ya tano kukazuka ugomvi wa mpaka wa shamba na bibi akarudi anatetemeka kwa hasira. Tukapima: 182 kwa 101. "Unaona?" akaniambia. "Mawazo hayo!" Nikakubali, maana ilikuwa kweli. Akanywa maji, akakaa kivulini nusu saa, ugomvi ukageuka kichekesho. Tukapima tena: 166 kwa 95.

Bibi akalitazama daftari muda mrefu. Akarudi ukurasa wa nyuma, kwenye ile asubuhi ya utulivu. Kisha akasema mwenyewe, "Kumbe hii inakaa tu, hata nisipokuwa na jambo."

Hapo ndipo nikapata nafasi ya kusema, na nilitumia lugha ya Pangani. Nikamwambia, bibi, hasira ni wimbi, linapanda na kushuka. Lakini presha yako ni maji kujaa. Maji yakiwa yamejaa, hata bahari ikitulia tuli, nyumba ya pwani iko hatarini. Kidonge hakitulizi mawimbi, kinashusha maji, na ndiyo maana kinamezwa kila siku, siku ya hasira na siku ya raha. Akaelewa kuliko ambavyo angeelewa mihadhara yangu yote.

Tulikwenda na daftari lile zahanati. Tabibu alilisoma, akampima mwenyewe, akamrudisha kwenye kidonge kimoja cha amlodipini cha miligramu 5 kila siku, na kumwambia kwamba miguu ikivimba arudi waangalie dozi au dawa nyingine, asiache kimya kimya. Hilo la mwisho ni muhimu. Wengi huacha dawa kwa sababu imewaletea kero ndogo, na hakuna aliyewaambia kwamba kero hiyo inazungumzika.

Kulikuwa na jambo zito zaidi ya mawazo, nalo ni kifo cha babu. Babu alianguka alfajiri akitawadha. Mdomo ulikwenda upande, mkono na mguu wa kulia vikafa, kauli ikapotea. Nyumbani walisema ametupiwa jini, na kwamba ugonjwa huo hautaki sindano, ukichoma mtu anakufa. Akapelekwa kwa mganga. Hospitali alifika siku ya tatu.

Naelewa kwa nini kiharusi kinafanana na pigo la mtu asiyeonekana. Kinakuja ghafla, kinachukua nusu ya mwili kana kwamba kimepimwa kwa kamba. Sababu ni kwamba upande mmoja wa ubongo unaendesha upande wa pili wa mwili, hivyo mshipa ukiziba au kupasuka upande wa kushoto, unaokufa ni mkono na mguu wa kulia. Na chanzo kikubwa cha kuziba na kupasuka huko ni hii presha isiyouma.

Rafiki yangu mmoja hapa chuoni anasema ukweli ni ukweli, ningemwambia bibi kwamba babu hakupigwa na jini, basi. Sikubaliani naye. Ningemfanya mjane abebe hatia ya zile siku tatu, na hakuna namba kwenye daftari ambayo ingelipa deni hilo. Ya babu tuliyaacha yalivyo. Tulichopatana ni cha kesho: mtu yeyote wa nyumba hii mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakichanganyika, gari linaitwa hapo hapo na safari ni ya hospitali, na dua inasomwa ndani ya gari. Bibi alikubali bila ubishi, kwa sababu hakuna aliyemnyang'anya dua yake.

Vivyo hivyo kombe lake. Bado analinywa, lile la aya zilizoandikwa kwenye sahani kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Sijaona sababu ya kumkataza. Hatari haikuwa kombe, hatari ilikuwa kombe badala ya kidonge. Dawa za miti ni habari nyingine. Baadhi zinaweza kugongana na za hospitali, kwa hiyo hizo nilimwomba azitaje kwa tabibu kabla ya kuzichanganya.

Basi hoja yangu kwenu ndugu zangu ni hii. Mzee akikwambia presha yake ni ya mawazo, usianze na "hapana". Muulize ilianza lini, usikilize msiba au deni lililomo ndani ya jibu. Kubali kwamba mawazo yanapandisha. Kisha pimeni siku aliyotulia, mwache aione namba kwa macho yake. Kinachotakiwa ni abadilishe siku za kumeza dawa, si kwamba akushukuru kwa kumsomesha.

Mpaka leo bibi anaamini presha yake ililetwa na kifo cha mjomba. Wala sijamtoa huko. Juzi alinipigia simu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniambia kipimo cha zahanati kimesoma 138 kwa 84. Halafu akaongeza: "Na leo nimegombana tena na wale watu wa shamba, mume wangu. Lakini kidonge nilikuwa nimeshameza asubuhi, kabla hawajaniudhi."