Litri moja ni chupa gani?

Wasikilizaji wetu, kuna karatasi ya kipindupindu, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kolera, inayopita mikononi mwa watu katika kartie zetu. Imeandikwa kwa Kiswahili na ina rangi nzuri. Lakini mama aliyeachia masomo mwaka wa pili wa primeri hawezi kuitumia, na kwa maoni yangu kosa ni la karatasi, si la mama.

Tuchukue sentensi moja tu: "Zingatia dalili za upungufu wa maji mwilini, ikiwemo kupungua kwa unyumbufu wa ngozi." Hapa Goma, ukisema upungufu wa maji, mtu anafikiria bomba la Regideso. Na huo unyumbufu, hata mimi mwenye kusoma habari kwenye redio sijawahi kuusikia sokoni Virunga. Ni Kifaransa cha daktari kilichovalishwa Kiswahili cha kitabu.

Lakini jambo lenyewe ni rahisi. Finya ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, kisha achia. Ikirudi mara moja, ni vizuri. Ikibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, mwili wake umekauka. Angalia pia kama macho yameingia ndani, kama analia bila machozi, kama hakojoi. Akilegea na hawezi tena kunywa, usingoje asubuhi, mpeleke kituo cha afya sasa hivi. Maneno haya yanachukua nafasi kubwa kuliko lile neno moja la daktari, ndiyo. Basi tuondoe salamu za wafadhili na alama zao, nafasi itapatikana.

Pale ninapoogopa zaidi ni kwenye sashe ya unga wa chumvi na sukari. Karatasi inasema: "Yeyusha katika litri moja ya maji safi." Litri moja ni nini katika nyumba isiyo na chombo cha kupimia? Watu wanachukua chupa iliyo karibu. Chupa kubwa ya Primus ni sentilitri 72. Ukiweka sashe nzima humo, dawa inakuwa na chumvi kupita kiasi, na chumvi nyingi inaweza kumdhuru mtoto mdogo. Chupa ya plastiki ya litri moja na nusu, ukiijaza yote, dawa inakuwa nyepesi na hairudishi chumvi inayohitajika mwilini. Karatasi ingesema tu: jaza mara mbili chupa ndogo ya maji iliyoandikwa 50 cl, mimina yote katika chombo kisafi, weka sashe moja nzima, koroga. Na ichore hizo chupa mbili. Kisha iseme dawa hiyo inanywewa siku hiyo hiyo. Kesho inamwagwa, inatengenezwa nyingine. Mtoto apewe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila mara anapohara. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole.

Wengine watasema ninachezea maneno. Mwezi wa 7 mwaka 1994, kipindupindu kilipoingia kati ya wakimbizi wa Rwanda hapa Goma, na kuhara damu kukafuata, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Waganga walioandika juu ya mkasa ule walisema kwamba wagonjwa wengine walirudishiwa maji polepole mno, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu. Maji na chumvi, kwa kiasi na kwa haraka: ndiyo kazi yote. Kiasi kikiwa hakieleweki, sashe ni unga tu.

Wakati wa Ebola pia, kati ya 2018 na 2020, shirika la Watafsiri Wasio na Mipaka lilikuta kwamba Kifaransa na Kiswahili cha vitabu vilikuwa vinawapita watu wengi wa huku.

Ninaomba jambo moja kwa wanaotengeneza karatasi hizi. Mbele ya kuchapisha maelfu, chapisheni kumi. Wapeni wamama kumi, pamoja na wale waliokaa Bulengo ao Kanyaruchinya wakati wa kambi. Msiwaulize, "Mama, umeelewa?" Kwa heshima atajibu ndiyo. Mpeni sashe, muwekeeni vyombo na chupa za kila aina, kisha mseme: "Mama, tuonyeshe unavyofanya." Akishika chupa ya Primus, muulizeni ni neno gani lilimpeleka huko, na neno hilo libadilishwe, mujaribu tena na mama mwingine.

Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, iandikwe: mtu anayehara maji kama yaliyooshea mchele apelekwe kituo cha afya, na aendelee kunyweshwa njiani.