Ankara ya uniti 31, uwanja mkavu

Jirani yangu wa Tabata ameletewa ankara ya maji ya uniti 31. Mwezi uliotangulia zilikuwa 12, na waliomo ndani ni walewale. Fundi bomba aliyeitwa kwanza alizunguka uwanja, hakuona hata unyevu, akashauri wang'oe vitofali na kufukua bomba lote kutoka kwenye dira hadi ukutani. Nikamwomba jirani huyo, ninayemwita Mama, asimruhusu kwanza.

*

Tulianza na dira yenyewe. Tarakimu nyeusi ndizo uniti, nyekundu ni vipande vya uniti. Kama namba inayosomeka leo ni ndogo kuliko ile ya kwenye ankara, basi dira ilisomwa vibaya au matumizi yalikadiriwa, na hapo mtu apige picha aende nayo ofisini. Ya Mama ilikuwa imeipita ankara kidogo, kama inavyotakiwa. Maji yalipita kweli.

Kisha hesabu, ambayo mafundi wengi huiruka. Uniti moja ni lita 1,000. Zilizozidi ni 19, yaani lita 19,000 kwa mwezi, kama lita 630 kwa siku, au 26 kwa saa. Bomba la nje linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 20 hivi kwa siku nzima. Kwa hiyo lile bomba la Mama la uwanjani, ambalo kila mtu alikuwa akilinyooshea kidole, hata kama lingekuwa linadondosha, lisingeweza kuleta ankara ile hata kidogo.

*

Jambo linalowapotosha watu wengi ni hili. Wanafunga mabomba yote, wanatazama dira, wanaona kile kigurudumu kidogo kimetulia, wanasema hakuna kinachovuja. Nyumba yenye simtanki haipimwi hivyo. Choo kinachovuja kinanyonya simtanki, si bomba la mtaani. Dira inatulia hadi maji yashuke kiasi cha kulishusha boya, ndipo inazunguka kwa muda, kisha inatulia tena. Ukichungulia katikati, umedanganyika. Na siku ya mgao bomba likiwa kavu, dira haikuambii chochote, hata kama bomba limepasuka chini ya ardhi.

Dawa yake ni kuitenga nyumba sehemu mbili. Tulisubiri usiku ambao maji ya mtaani yalikuwa yanatoka kwa nguvu. Saa nne tukafunga koki inayopandisha maji kwenye simtanki, tukapiga picha ya dira. Kijana wa Mama alikuwa amepanda mapema kupima kina cha maji kwa ufito, na nyumba nzima ikaombwa isiguse bomba hadi asubuhi.

Saa kumi na mbili dira ilikuwa palepale, tarakimu nyekundu zikiwemo. Bomba la ardhini na lile la uwanjani yakawa yamesafishika jina. Ingezunguka, ningekubali sururu, maana udongo wetu wa mchanga hunywa maji bila kuonyesha dimbwi. Lakini simtanki lilikuwa limeshuka sentimita 20. Ni la lita 1,000, upana wake mita 1.1 hivi, kwa hiyo kila sentimita ni karibu lita 9 na nusu. Lita 190 zimeondoka kwa saa nane bila mtu kuzigusa, yaani 24 kwa saa. Zinakaribiana mno na zile 26 za ankara.

*

Vyoo ni viwili. Tulikausha ukuta wa nyuma wa sinki la kila choo kwa kitambaa, tukabandika karatasi ya chooni iliyo kavu juu ya usawa wa maji. Kwenye choo cha ndani ilibaki kavu. Kwenye choo cha wageni, ambacho hakuna anayeingia kwa wiki nzima, ililowa mara moja. Utepe wa maji ulikuwa mwembamba, unateleza juu ya kauri nyeupe bila sauti yoyote.

Hapo bado usinunue kifaa. Tangi la choo huvuja kwa njia mbili: ama boya halifungi na maji yanafurikia ndani ya bomba la katikati, ama mpira wa chini haukai vizuri. Funga koki ndogo ya ukutani na uweke alama ya penseli kwenye usawa wa maji. Yakibaki kwenye mdomo wa lile bomba, tatizo ni boya. Ya Mama yalishuka chini ya alama wakati tunatazama: mpira. Ulikuwa umekakamaa na kupinda ukingoni, na chumvi ya maji imeganda mahali unapokalia. Fundi alikwangua chumvi kwanza, kwa sababu mpira mpya juu ya ukingo mchafu unavuja vilevile.

Usiku uliofuata tulirudia kipimo cha ufito. Simtanki halikushuka.

*

Ankara Mama atailipa, kwa kuwa maji yalipita kwenye dira yake. Amekwenda na picha za dira kuomba ailipe kwa awamu.