Kalamu ya Njano Haijamwekea Mtu Akiba

Jumamosi iliyopita nililipa elfu thelathini nikae kwenye kiti cha plastiki nimsikilize bwana mmoja akijisifu kwamba mwaka huu amesoma vitabu 52. Akainua simu juu: humo ndani, alisema, mna nukuu elfu tatu alizozipigia mstari. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hakuna aliyemuuliza ni jambo gani analifanya leo ambalo mwaka jana alikuwa halifanyi. (Na chai, kwa elfu thelathini, ilikuja na andazi moja. Tuliache hilo.)

Nina uchungu kwa sababu nami nilikuwa muumini. Kile kitabu kidogo cha George Clason cha 1926, cha tajiri wa Babeli, nimekisoma mara tatu. Pale anapotaka sehemu ya kumi ya kipato ibaki kwako, nilipaka njano mpaka ikatokea upande wa pili wa karatasi. Miaka minne ya njano, akiba sifuri. Ukishapaka rangi unajiona umeshatenda, na mtego uko hapo. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walichambua tafiti kuhusu mbinu kumi za kujisomea. Kupiga mistari kukaangukia kundi la manufaa hafifu.

Mimi nilipona nilipofunga kitabu nikaandika sentensi moja kwa maneno yangu. Ya kwanza ilikuwa ya hovyo: "Niweke akiba zaidi." Mwezi ukapita, patupu. Sentensi ile haina siku wala kiasi, kwa hiyo hata ukishindwa hujui kama umeshindwa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza sana mipango ya namna ya "likitokea hili, nitafanya lile", nami nikaandika upya kwa mtindo huo: "Ujumbe wa mshahara ukiingia, kabla sijainuka kitini, nahamisha elfu sitini kwenye akaunti ya akiba." Chini yake nikaweka siku ya kujikagua, tarehe 20 ya kila mwezi. Mwezi wa kwanza nilihamisha kweli, lakini siku ya ukaguzi nilikuta nimeshazitoa zote, zimeishia kwenye nauli na mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua vizuri. Kumbe tabia ilikuwa imeshashika, kiasi ndicho kilichozidi. Nikafuta sitini, nikaandika ishirini. Ishirini imedumu miezi minane.

Wakusanyaji wa nukuu hujitetea: "Nazihifadhi, ipo siku nitazirudia." Siku ipi? Nimehama nyumba mara mbili, na kitabu kile kilisafiri ndani ya boksi la masufuria, njano yake tele, bila kufunguliwa. Na wakusanyaji haohao ndio wanaopiga picha ubao kwenye kila kikao.

Wakati wa kutoka, yule bwana alikuwa mlangoni akiuza daftari la nukuu zake, elfu kumi na tano. Jirani yangu wa kiti alinunua mawili.