Vidonge vya Siku 14, Si vya Siku 30: Dawa za Sonona kwa Mzee Aliyedhoofu

Mzee aliyedhoofu anapoanzishiwa dawa ya sonona kisha akaambiwa arudi baada ya mwezi mmoja, anaachwa bila uangalizi katika majuma yenye hatari kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, idadi ya vidonge anavyopewa siku ya kwanza ni sehemu ya tiba yenyewe. Apewe vya siku 14, ili anapofuata vingine apimwe sodiamu ya damu.

Fluoksetini na dawa za jamii yake huufanya mwili utoe kwa wingi homoni inayozuia maji yasipotee kwa njia ya mkojo. Maji yakibaki mwilini, sodiamu huzimuka, na mara nyingi hali hiyo hutokea katika majuma mawili hadi manne ya mwanzo. Hatari huongezeka kwa mwanamke, kwa mwenye uzito mdogo, na hasa kwa anayemeza vidonge vya kukojosha vya jamii ya thayazaidi, ambavyo hutolewa sana kutibu shinikizo la damu.

Tuchukue mgonjwa wa mfano kwa mafunzo ya wodini. Ni bibi mjane wa miaka 74 kutoka Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, mwenye uzito wa kilo 42. Mwanawe yuko kwenye mashimo ya dhahabu mchana kutwa, na bibi hushindia uji na chai. Anameza bendrofluazaidi miligramu 5 kila siku. Kwa sababu ya sonona, ameanzishiwa fluoksetini miligramu 20. Siku ya 10 binti yake anamleta akisema mama amezidiwa: hali chakula, ana kichefuchefu, amezubaa, na usiku amejikwaa akienda chooni.

Hapa ndipo mtego ulipo. Dalili za upungufu wa sodiamu hufanana mno na za sonona, na daktari mwenye haraka huongeza dozi. Kwa bibi huyu sodiamu ni milimoli 122 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida huanzia 135. Shinikizo lake ni 138/80 akiwa amelala. Baada ya kusimama dakika tatu ni 112/68. Kushuka kwa 20 au zaidi katika namba ya juu, au 10 katika namba ya chini, kunatosha kumwangusha mzee.

Dawa zote mbili zisimamishwe. Kwa kuwa shinikizo limeshuka aliposimama, na kinywa chake ni kikavu, bibi huyu amepungukiwa na maji pamoja na chumvi. Atapewa dripu ya chumvi ya kawaida kwa uangalifu. Mgonjwa asiye na dalili hizo, ambaye tatizo lake ni homoni pekee, hupunguziwa maji ya kunywa badala ya kuwekewa dripu. Sodiamu ipimwe kila baada ya saa 6, kwa maana figo zikifunguka ghafla hupanda kwa kasi, na kasi hiyo yaweza kuharibu ubongo. Isipande zaidi ya milimoli 8 katika saa 24 za kwanza. Akipata degedege au akipoteza fahamu, hiyo ni dharura inayohitaji dripu ya chumvi nzito ya asilimia 3, chini ya uangalizi wa karibu. Fluoksetini hubaki mwilini kwa majuma kadhaa, hivyo vipimo viendelee hata baada ya kuruhusiwa.

Wengi hukimbilia amitriptilini, kwa kuwa haishushi sodiamu kwa kiasi hicho. Lakini hushusha shinikizo anaposimama, huleta usingizi na kuchanganyikiwa, na huzuia mkojo. Tutakuwa tumeondoa sababu moja ya kuanguka na kuleta nyingine. Mitazapini miligramu 7.5 usiku ni chaguo bora zaidi pale inapopatikana, ingawa nayo huleta usingizi, na sodiamu hupimwa vilevile. Shinikizo la bibi litibiwe kwa amlodipini, dozi ndogo, iwapo litapanda tena.

Yote haya yangeweza kuzuilika siku ya kwanza. Mwambie ndugu alete mfuko wote wa dawa za nyumbani. Badilisha thayazaidi kwanza. Pima sodiamu, ikiwa chini ya 135, usianze fluoksetini. Pima shinikizo amelala, kisha amesimama. Mweleze binti kwamba kuzubaa kupya, kichefuchefu au kujikwaa si sonona kuzidi hadi damu ipimwe. Na kwamba usiku bibi awe na chombo cha haja ndogo karibu na kitanda.

Najua hoja ya wenzangu: kipimo hiki hakipatikani katika kila kituo, na nauli ya safari ya pili ni mzigo. Mahali pasipo na kipimo, heri kuanza na mazungumzo ya tiba na kumpeleka mzee hospitali ya rufaa kabla ya kidonge cha kwanza. Nauli ya juma la pili ni nafuu kuliko nyonga iliyovunjika.